Baada ya Usaili, Faili Huenda Wapi?

Mwombaji kazi anapotoka kwenye chumba cha usaili huagwa kwa maneno yale yale: "Asante, tutakujulisha." Kuanzia hapo jina lake hupita mikononi mwa watu wanne au watano, na kati yao ni mmoja tu anayelipwa kwa kazi ya kuajiri. Mkuu wa idara yenye nafasi, wajumbe wa jopo, mtu wa fedha na mkurugenzi wana shughuli zao, na faili la ajira huwafikia likiwa kazi ya ziada juu ya kazi za siku. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji unaolalamikiwa huanzia hapo.

Jambo la pili ambalo waombaji wengi hawalijui ni kwamba afisa ajira, yaani yule waliyeandikiana naye barua pepe na ambaye namba yake wanayo, ndiye mwenye uamuzi mdogo kuliko wote. Yeye hupanga tarehe, hukusanya karatasi, hupiga simu na kuandaa barua. Hachagui mtu, hapangi mshahara, hasaini. Anapoulizwa "mmefikia wapi?" mara nyingi jibu analo, lakini ni jibu asiloruhusiwa kulitoa: kwamba mjumbe mmoja hajaleta alama, au kwamba kuna mtu mwingine anayesubiriwa aseme ndiyo. Kwa hiyo huandika kwamba mchakato unaendelea. Sentensi hiyo huonekana ya kukwepa, na kwa kweli ni ya kukwepa, lakini mara nyingi haina uongo ndani yake.

Kwa wakala wa ajira hali ni tofauti kidogo. Wakala wa namna hii hulipwa na mwajiri, na kwa kawaida malipo yenyewe huja pale tu mtu anapoajiriwa. Akiwa na nafasi kumi mezani, muda wake huenda kwa mwajiri anayekaribia kusaini. Mwajiri akilegea, wakala naye hupoa, na mwombaji hukosa habari kwa sababu hata wakala mwenyewe hana habari. Hupigi simu kwa mtu ambaye huna la kumwambia.

Namna mambo yanavyokwama huonekana vizuri zaidi kwa kufuata nafasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano ufuatao umetungwa, lakini hakuna hatua ndani yake ambayo haitokei kila mwezi katika ofisi za Dar es Salaam.

Kampuni ya wastani ya kutoa mizigo bandarini inatafuta mhasibu mmoja. Maombi yamekuja kwa mamia, wakachujwa wakabaki sita, na usaili wa kwanza umefanyika tarehe 24 na 25 Septemba. Jopo lina watu watatu: mhasibu mkuu, meneja wa operesheni na afisa rasilimali watu. Kila mjumbe ana karatasi ya alama na anatakiwa kuijaza peke yake kabla ya kuzungumza na wenzake, ili mwenye sauti kubwa asiwavute wengine. Ni utaratibu mzuri, na ndio pia unaoleta mkwamo wa kwanza, kwa sababu karatasi mbili hazina maana bila ya tatu. Meneja wa operesheni anaondoka tarehe 26 kwenda Tunduma, ambako magari ya kampuni yamekwama mpakani.

"Kaka, ile karatasi ya alama bado sijaipata," afisa anamwandikia kwa simu.

"Niko Tunduma dada, nikirudi tu nakupa."

Anarudi tarehe 1 Oktoba. Karatasi zimetimia, lakini sasa mhasibu mkuu ndiye asiyepatikana. Mwisho wa mwezi umefika, hesabu zinafungwa, na kodi ya mishahara ya Septemba pamoja na tozo ya kuendeleza ujuzi zinatakiwa ziwe zimelipwa ifikapo tarehe 7. Hakuna mhasibu mkuu Tanzania atakayekaa kujadili wasailiwa kati ya tarehe 30 na tarehe 7. Yeyote anayeomba kazi ya uhasibu angepaswa kuijua kalenda hii vizuri kuliko watu wengine, na bado ndiye mara nyingi anayeshangaa kwa nini simu haijalia tarehe 5. Kila fani ina siku zake za namna hii. Shuleni ni kipindi cha mitihani, hotelini Zanzibar ni msimu wa wageni, na kwenye miradi ya wafadhili ni wiki za kuandika ripoti.

Jopo linakutana tarehe 9. Mbele yao kuna majina matatu yenye nafasi ya kusonga mbele. Wa kwanza, tumwite Msailiwa A, amepewa alama 82, 78 na 61. Wa pili, B, ana 74, 75 na 73. Wa tatu, C, ana 70, 72 na 71. Ukijumlisha, A anapata 221 na B anapata 222. Kwa hesabu tupu B amemshinda A kwa alama moja, lakini jopo lolote lenye uzoefu haliishii hapo, kwa sababu lile 61 linadai maelezo. Wajumbe wawili wamemwona A kuwa bora kuliko wote, mmoja amemwona dhaifu. Nani ameona kisichoonekana kwa wenzake?

Mhasibu mkuu, ambaye ndiye aliyeandika 61, anasema alimuuliza A jinsi ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, naye akajibu kwa maneno mazuri yasiyo na mpangilio. Wenzake wanadhani ni woga wa siku ile. Mabishano ya aina hii hayamalizwi kwa maneno, kwa hiyo inaamuliwa kwamba wote watatu waitwe tena na wafanye kazi yenyewe kwa mikono yao. Hapo ndipo usaili wa pili unapozaliwa. Mara nyingi haukuwamo katika mpango wa awali, na sababu yake ni kwamba wa kwanza umeacha swali ambalo mtu mmoja mwenye uzito hajaridhika nalo. Msailiwa anayeitwa tena basi angefanya vyema kukumbuka ni swali gani alilijibu vibaya mara ya kwanza, kwa kuwa uwezekano ni mkubwa kwamba ndilo linalomsubiri.

Tarehe 14 Oktoba wote watatu wanaketi mbele ya kompyuta. Wanapewa daftari la fedha la mwezi mmoja na taarifa ya benki ya mwezi huo huo. Salio la benki limezidi la daftari kwa shilingi 460,000, na kazi yao ni kueleza kwa nini. Mtego ni kwamba hakuna kosa moja la 460,000 popote. Kuna hundi ya 900,000 ambayo mlipwaji hajaipeleka benki, kuna makato ya benki ya 40,000 ambayo hayajaingizwa daftarini, na kuna pokezi la 400,000 lililoandikwa mara mbili. Ukitoa hayo mawili ya mwisho kwenye 900,000, zinabaki 460,000. A anayapata yote matatu mapema na kuyapanga vizuri. B anaipata hundi na makato, anakwama kwenye pokezi, lakini anaandika wazi kwamba kuna 400,000 ambayo bado hajaielewa na kwamba angeitafuta kwenye risiti. C anatafuta kosa moja la 460,000 mpaka muda unakwisha.

Jopo linamaliza siku hiyo hiyo: A kwanza, B akiba, C hapana. Kuanzia jioni ya tarehe 14 uamuzi umeshafanyika, na hata hivyo hakuna hata mmoja kati ya watatu anayeambiwa kitu. Kipindi hiki cha baada ya uamuzi ndicho kirefu kuliko vyote, na ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote.

Kinachofuata kwanza ni uhakiki. Wadhamini walioandikwa kwenye wasifu wanapigiwa simu, na wadhamini wana tabia ya kutopokea namba wasizozijua. Aliyekuwa bosi wa A amehama kampuni, na kampuni yenyewe inasema hutoa taarifa kwa barua tu. Vyeti navyo huulizwa vilikotoka: matokeo ya sekondari Baraza la Mitihani, shahada chuoni, na usajili wa kitaaluma kwenye bodi ya wahasibu, NBAA. Shahada ya nje ya nchi hupitia pia Tume ya Vyuo Vikuu. Waajiri wa Tanzania walizidi kuwa waangalifu katika jambo hili baada ya Aprili 2017, pale ripoti ya uhakiki wa watumishi wa umma ilipomfikia Rais Magufuli mjini Dodoma ikiwa na majina 9,932 ya waliogundulika kuwa na vyeti vya kughushi.

Kisha unakuja mshahara. Bajeti ya nafasi hii ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi, na A, alipoulizwa, alitaja 1,750,000. Kwa macho ya mwombaji tofauti hiyo ni ya kuzungumza siku moja tu. Ofisini huamsha jambo jingine kabisa: yupo mhasibu aliyekaa pale miaka minne anayelipwa 1,450,000. Mgeni akimpita, habari itamfikia kabla ya mwezi kuisha, maana mishahara ni siri kwa waajiri tu, na kampuni itajikuta inaongeza watu wawili au inampoteza yule wa zamani. Mtu wa fedha anakataa. Mhasibu mkuu anasisitiza. Tarehe 20 inakatiza mazungumzo yao, kwa kuwa ni siku ya mwisho ya ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Wanakubaliana tarehe 22 kwa 1,450,000 na posho ya usafiri, lakini nyongeza yoyote juu ya bajeti inahitaji saini ya mkurugenzi, naye yuko safarini hadi tarehe 26. Barua ya ajira inamfikia A tarehe 27 Oktoba.

A anaomba siku chache afikirie. Hana hila. Ana haki ya kusoma mkataba, na pia ana mwajiri wa sasa. Anapokwenda kuaga, mwajiri huyo, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimwambia hakuna fedha, ghafla anazipata. Tarehe 5 Novemba A anaandika kwamba anashukuru lakini atabaki alipo.

Wakati huu wote B amekaa kimya cha siku ishirini na kitu. Aliandika mara moja, akajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Kama angejibiwa tarehe 15 Oktoba kwamba hakuchaguliwa, kampuni ingekuwa imeitupa akiba yake na ingelazimika kutangaza nafasi upya. Na kama angeambiwa ukweli wote, kwamba yeye ni wa pili, kampuni inahofia angevunjika moyo au angepandisha bei siku ya kuitwa. Kwa hiyo hunyamaziwa. Ni ubinafsi wa mwajiri, na si vizuri kuupamba, kwa sababu gharama ya kusubiri inabebwa na mtu asiyejua kwamba anasubirishwa. Lakini kwa msailiwa mwenyewe kimya hicho kina habari ndani yake: anayekataliwa moja kwa moja hana sababu ya kujibiwa kwamba mchakato unaendelea. Mara nyingi akiba ndiye hujibiwa hivyo.

Tarehe 7 Novemba simu ya B inalia. Anaulizwa kama bado yuko tayari. Anakubali, anasaini tarehe 11, na anampa mwajiri wake wa sasa taarifa ya siku 28, ambayo ndiyo inayotakiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa anayelipwa kwa mwezi. Anaingia kazini Desemba. C hajaandikiwa chochote, na huenda hataandikiwa. Faili halikufungwa mpaka mtu alipokaa kwenye kiti, na siku hiyo ilipofika afisa alikuwa ameshakabidhiwa nafasi nyingine tano. Barua ya kukataa ni kazi ya dakika mbili ambayo hakuna anayemdai aifanye. Waajiri wengine hujificha nyuma ya hofu ya kuulizwa sababu. Hofu hiyo haina mashiko makubwa, kwani barua ya kusema nafasi imejazwa haihitaji sababu yoyote.

Serikalini mkwamo una sura nyingine. Pale tatizo ni wingi wa watu na mlolongo wa vibali. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliita zaidi ya watu 10,000 kwenye Uwanja wa Taifa kwa ajili ya nafasi 70. Kwa wingi wa namna hiyo, usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, huja kwanza, kisha wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, na mwisho mahojiano ya ana kwa ana. Kila hatua husubiri iliyotangulia isahihishwe. Ajira zenyewe hufuata ikama na kibali, na vyote viwili vimefungwa kwenye mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Lakini Sekretarieti ya Ajira ina jambo moja ambalo kampuni nyingi binafsi hazina: majina huwekwa hadharani, na aliyefaulu akakosa nafasi huweza kubaki kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye bila usaili mpya. Huyo ni B aliyewekwa wazi. Nchini Kenya waombaji wa nafasi za umma hudaiwa pia vyeti vya mamlaka ya kodi, polisi, bodi ya mikopo ya wanafunzi, tume ya maadili na taasisi za taarifa za mikopo, na kila kimoja kina foleni yake.

Vipo vimya ambavyo kweli maana yake ni mwisho. Nafasi inaweza kusitishwa kwa sababu mteja mkubwa ameondoka au bajeti imekatwa, na kampuni haipendi kutangaza habari kama hiyo. Inaweza kujazwa na mtu wa ndani ambaye tangu mwanzo ndiye aliyetarajiwa, usaili ukafanyika kutimiza utaratibu. Au wakuu hugundua katikati kwamba hawakubaliani kuhusu kazi yenyewe. Dalili zake si ngumu kuziona. Tangazo likirudi likiwa na sifa zile zile, maana yake hakuna aliyewaridhisha. Likirudi na sifa tofauti, wenyewe walikuwa hawajui wanatafuta nini. Wadhamini wakipigiwa simu, mtu yuko miongoni mwa wawili wa mwisho, ingawa hilo bado si ahadi. Na wiki nane zikipita baada ya usaili wa mwisho katika kampuni binafsi bila neno, ni busara kuhesabu kwamba nafasi hiyo imekwisha.

Kinachoweza kufanywa na msailiwa ni kidogo, na kinafanyika mapema. Swali la kuuliza kabla ya kuaga jopo ni hili: hatua inayofuata ni ipi, na inatarajiwa lini? Tarehe itakayotajwa karibu kila mara itapitwa, lakini humpa mtu mahali halali pa kuanzia. Siku tatu au nne baada ya kupitwa, barua pepe fupi inatosha, yenye jina la nafasi, tarehe ya usaili na swali moja. Afisa huweza kuipeleka mbele kama ilivyo kwa mkuu anayechelewesha, na hapo humsaidia afisa mwenyewe kusukuma faili. Simu za kila siku hazisukumi chochote. Kitu kimoja ndicho hubadilisha mwendo kweli: ajira nyingine iliyo mkononi na yenye tarehe ya kujibu. Mwajiri anayemtaka mtu, akiambiwa kwa adabu kwamba jibu linahitajika kabla ya Ijumaa, huipata saini ya mkurugenzi hata kama yuko safarini. Asiyemtaka humwachia aende, na hilo nalo ni jibu. Kuitunga ajira hiyo ni hatari, kwa kuwa anayeambiwa "basi chukua hiyo" hubaki bila zote mbili.

Kipindi hiki cha kusubiri ndicho pia matapeli wanachokivizia. Humpigia mtu aliyetoka usaili, wakijitambulisha kuwa watu wa ofisi ya rasilimali watu, na kudai fedha kidogo kwa simu ili faili lisukumwe au kipimo cha afya kilipiwe. Faili hukwama kwa karatasi ya alama, kwa mshahara au kwa saini, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholipiwa na mwombaji. Anayeombwa fedha akate simu, kisha aiulize ofisi yenyewe kwa namba iliyoko kwenye tangazo.